Mwezi Mweusi: Nukta Isiyo na Mwezi

Ukiambiwa na mnajimu kwamba Mwezi Mweusi wako uko katika Mshale, usitoke nje usiku kuutafuta. Hakuna kitu pale. Wala si mwezi mwandamo, ingawa jina linadanganya.

Mwezi hauzunguki dunia kwa duara kamili. Njia yake ni duaradufu, na dunia haikai katikati: imesogea upande mmoja. Kwa hiyo kila baada ya siku 27 na nusu hivi, Mwezi hupita mahali ulipo karibu nasi kuliko kwingine, kiasi cha kilomita 363,000 kwa wastani, kisha hufika ncha ya mbali, kama kilomita 405,000. Ile ncha ya mbali ndiyo wanajimu wa Magharibi wanayoiita Mwezi Mweusi, au Lilithi. Ni upande wa anga tu, kama mtu anavyoonyesha kwa kidole.

Ncha hiyo nayo haitulii. Mvuto wa Jua huigeuza njia nzima polepole, hata ncha ikamaliza mzunguko wa nyota zote 12 kwa takriban miaka 8 na miezi 10. Nyota moja huikaa karibu miezi tisa.

Chukua mtoto aliyezaliwa tarehe 1 Januari 2000. Siku hiyo, kwa hesabu ya wastani, ncha ilikuwa nyuzi 263 kuanzia mwanzo wa Kondoo. Kila nyota ina nyuzi 30, basi nane za kwanza zinakula 240, na zinazobaki ni 23 ndani ya nyota ya tisa, Mshale. Mwendo wake ni nyuzi 0.11 kwa siku, hivyo zile nyuzi saba zilizobaki zilimalizwa kwa miezi miwili hivi. Aliyezaliwa Aprili mwaka huo huo ana Mwezi Mweusi katika Mbuzi.

Hapo ndipo ugomvi unapoanzia. Hesabu ya wastani hulainisha mwendo. Ile inayofuata mvuto wa Jua saa kwa saa huyumba huku na huko, hata kurudi nyuma, na inaweza kuachana na ya wastani kwa karibu nyuzi 30, yaani nyota nzima. Programu moja huandika `mean Apogee`, nyingine `osc. Apogee`, na watu wawili wanabishana juu ya siku moja ya kuzaliwa. Kabla hujasomewa, uliza imetumika ipi.

Na kusomwa kwenyewe? Lilithi, katika masimulizi ya Kiyahudi, ni mwanamke aliyekataa kutii, akaondoka. Kwa hiyo wanajimu huisoma nyota iliyoikalia ncha kama mahali mtu anapokataa kutawaliwa, au anapoficha tamaa zake: katika Mshale, husema, ni imani na safari, katika Mbuzi, ni cheo na wakubwa. Sayansi haijathibitisha lolote kati ya hayo. Umbali wa Mwezi unapimwa. Tabia ya mtu kutokana nao, hapana.

Kuna Lilithi mwingine, jiwe la angani namba 1181 lililogunduliwa mwaka 1927. Huyo ni kitu kweli, ila hahusiki na ncha hii, na jina lake lilitolewa kwa heshima ya mtunzi wa muziki Mfaransa, Lili Bulanje.