Terabaiti Nne Zinapogeuka Mbili

Tuseme mpiga video wa harusi kanunua diski mpya ya terabaiti nne kwa ajili ya kuhifadhi kazi za wateja. Anaifunga kwenye kompyuta yake ya Linux, anaigawa kwa kufuata maelekezo ya zamani aliyopewa na rafiki, na akimaliza anakuta nafasi ya terabaiti mbili na kidogo. La kwanza kumjia ni kwamba kauziwa feki. Diski feki zipo, sikatai, lakini hii yake ni nzima na muuzaji hana kosa. Nafasi imezuiwa na baiti 64 zilizoandikwa mwanzoni kabisa mwa diski.

Diski yenyewe haijui faili wala folda. Kwa kompyuta ni msururu mrefu wa sekta zenye namba, kuanzia sifuri, kila moja kwa kawaida ikihesabiwa kuwa na baiti 512. Diski ya terabaiti nne huwa na sekta 7,814,037,168. Ili sehemu fulani ya msururu huo itumike, lazima iandikwe mahali: patisheni hii inaanzia sekta fulani na ina urefu fulani. Maandishi hayo ndiyo jedwali la patisheni, na kazi yake haina tofauti na ramani ya viwanja iliyo kwenye ofisi ya ardhi. Nyumba haimo ndani ya ramani, lakini ramani ikipotea hakuna ajuaye mpaka uko wapi.

Jedwali la kale huitwa MBR. Lilikuja mwaka 1983 na PC DOS 2.0 ya IBM, wakati kompyuta ya PC XT ilipotoka ikiwa na diski ya megabaiti 10. Lote linakaa ndani ya sekta namba sifuri. Baiti 446 za mwanzo ni za programu fupi ya kuwashia kompyuta, 64 zinazofuata ni jedwali lenyewe, na mbili za mwisho ni alama ya kuthibitisha kwamba sekta hiyo ni halali. Baiti 64 zinatosha mistari minne ya baiti 16, ndiyo maana MBR ina patisheni kuu nne tu. Katika kila mstari, urefu wa patisheni umetengewa baiti nne, yaani biti 32, na namba kubwa kuliko zote inayoweza kuandikwa humo ni 4,294,967,295. Zidisha kwa 512, unapata takriban terabaiti 2.2. Mpiga video wetu amegonga ukuta huo, na terabaiti 1.8 zimebaki nje ya patisheni yake.

Si haki kuwacheka waliobuni. Kwa mtu wa mwaka 1983 mwenye megabaiti 10, mpaka huo ulikuwa zaidi ya mara laki mbili ya diski yake. Wapo wanaofanya ujanja wa kuanzisha patisheni ya pili karibu na mpaka ili ienee hadi ng'ambo. Programu nyingine huukubali, nyingine huukataa, na mimi nisingeweka harusi ya mtu juu ya ujanja wa namna hiyo.

Jedwali jipya ni GPT, lililozaliwa ndani ya mradi wa EFI wa kampuni ya Intel mwishoni mwa miaka ya 1990, mradi ambao leo tunaujua kama UEFI. GPT inahesabu sekta kwa biti 64, kwa hiyo ukuta wa terabaiti 2.2 haupo tena, na kwa kawaida jedwali lina nafasi ya patisheni 128. Sekta sifuri imeachiwa MBR ya ulinzi. Hiyo huiambia programu ya zamani kwamba diski nzima imeshikwa na patisheni moja ya aina isiyoijua, ili isije ikadhani diski ni tupu na kuiandika upya. Sekta namba moja ina kichwa kinachoanza na herufi `EFI PART`, kisha linafuata jedwali.

Ninachokipenda zaidi kwenye GPT si ukubwa. Nakala ya pili ya jedwali huwekwa mwisho kabisa wa diski, na kila nakala ina namba ya kuhakikia ambayo hubadilika hata biti moja ikiharibika. Sekta za mwanzo zikiandikwa juu kwa bahati mbaya, programu hugundua hivyo, na jedwali linaweza kurejeshwa kutoka kwenye nakala ya mwisho. MBR haina nakala wala namba ya kuhakikia. Lakini tuelewane: kilichonakiliwa ni jedwali, si video.

Kwa diski mpya ya data, basi, chagua GPT hata kama diski ni ndogo. Wenye kompyuta za zamani zinazowaka kwa BIOS huogopa, na hofu hiyo haina msingi hapa, kwa sababu diski ya data haitumiki kuwashia mashine. Linux ikishawaka inasoma GPT bila shida. Sababu ya kubaki na MBR ni pale tu diski itakapochomekwa kwenye mfumo wa kale usioijua GPT, kwa mfano Windows XP ya biti 32.

Sasa tuiandae diski ya mpiga video wetu. Kazi ngumu kuliko zote iko kabla ya kugusa `parted`, nayo ni kuwa na hakika kwamba unaigusa diski yenyewe:

```
lsblk -o NAME,SIZE,MODEL,SERIAL,FSTYPE,MOUNTPOINT
```

Diski mpya itaonekana, tuseme, kama `sdb` yenye ukubwa wa `3.6T`. Hakuna kilichoibwa: kiwanda huhesabu kwa elfu, `lsblk` huhesabu kwa 1,024. Linganisha namba ya `SERIAL` na ile iliyobandikwa kwenye diski. Usitegemee kumbukumbu kwamba jana ilikuwa `sdb`, maana majina hayo yanaweza kubadilishana kompyuta ikizimwa na kuwashwa. Ukiona chini yake `sdb1` yenye aina ya mfumo wa faili, simama, kwa sababu hiyo huenda si mpya.

Tahadhari yote hii inatokana na tabia moja ya `parted`: inaandika papo hapo. Ukitumia `fdisk`, mabadiliko hubaki kwenye kumbukumbu mpaka ubonyeze `w`, na ukijuta unatoka bila kuandika kitu. Kwa `parted`, ukibonyeza Enter imekwisha. Ikiona kwamba patisheni za diski unayotaka kuiandika upya zinatumika wakati huo, itakataa au itakuonya. Kwa hiyo diski iliyo hatarini zaidi ni ile ya akiba uliyoichomeka bila kuipachika. Ichomoe kabla hujaanza.

Tazama kwanza:

```
sudo parted /dev/sdb print
```

Kwa diski mpya kabisa utajibiwa `unrecognised disk label`. Hilo linaonekana kama kosa, kumbe ni habari njema: hakuna jedwali lolote humo. Endelea:

```
sudo parted /dev/sdb mklabel gpt
sudo parted -a optimal /dev/sdb mkpart kazi ext4 0% 100%
sudo parted /dev/sdb print
```

Amri ya kwanza ikikuonya kwamba jedwali lililopo litafutwa na data yote kupotea, jibu `No` na urudi kwenye `lsblk`, maana kuna kitu humo ambacho hukukitegemea. Na hapa ndipo mpiga video wetu alipoteleza: maelekezo yake ya zamani yalisema `mklabel msdos`, jina ambalo `parted` hulitumia kwa MBR.

Ile `0%` si urembo. Diski nyingi za leo, ingawa zinajitangaza kuwa na sekta za baiti 512, ndani huandika kwa vipande vya baiti 4,096, yaani sekta nane kwa pamoja. Patisheni ikianzia katikati ya kipande, diski hulazimika mara nyingi kusoma vipande viwili na kuviandika upya kwa ajili ya kimoja, na kazi hupungua kasi. Ukiandika `0%`, `parted` inasogea yenyewe hadi mahali panapofaa, mara nyingi sekta namba 2048. Ukiandika `0` tupu, huenda ukaonywa kwamba patisheni haikupangika vizuri. Kuhakiki, tumia `sudo parted /dev/sdb align-check optimal 1`, na jibu unalolitaka ni `1 aligned`.

Neno `ext4` kwenye amri ile huwapotosha wengi. Halijatengeneza mfumo wa faili. Limesaidia tu kuandika aina ya patisheni kwenye jedwali. Mfumo wenyewe unatengenezwa sasa:

```
sudo mkfs.ext4 -m 1 -L kazi /dev/sdb1
sudo blkid /dev/sdb1
```

Bila `-m 1`, ext4 hutenga asilimia tano ya nafasi kwa ajili ya mtumiaji mkuu wa mfumo. Kwenye diski ya mfumo hiyo ni busara. Kwenye terabaiti nne za video ni gigabaiti 200 zilizolala bure.

Amri ya pili inakupa UUID, utambulisho ambao haubadiliki hata `sdb` ikigeuka `sdc`. Tengeneza folda kwa `sudo mkdir -p /srv/kazi`, kisha uongeze mstari huu kwenye `/etc/fstab`, ukiweka UUID ya kwako:

```
UUID=weka-yako-hapa  /srv/kazi  ext4  defaults,nofail  0  2
```

Endesha `sudo mount -a` hapo hapo, ili kosa la herufi lijitokeze ukiwa mbele ya mashine na si wakati wa kuiwasha. Neno `nofail` linaiambia Linux iendelee kuwaka hata diski isipokuwepo. Bila hilo, waya uliolegea unaweza kuikwamisha kompyuta nzima kwenye hali ya dharura.

Lakini `nofail` ina gharama yake. Diski isipopachikwa, folda `/srv/kazi` bado ipo, ila sasa ni folda ya kawaida kwenye diski ya mfumo. Video zitaingia humo bila malalamiko yoyote mpaka diski ya mfumo ijae. Diski ya data ikirudi siku nyingine, itapachikwa juu ya folda hiyo na kuzificha video zile, na mtu ataapa kwamba zimefutwa. Kabla ya kunakili kazi kubwa, andika `findmnt /srv/kazi`. Isipojibu kitu, diski haipo mahali pake.

Mpiga video wetu hana budi kuhamishia kazi zake kwingine, kisha aanze tena kwa `mklabel gpt`. Na ikitokea umeandika jedwali jipya kwenye diski isiyo yenyewe, acha kila kitu. Usiendeshe `mkfs`, usinakili faili hata moja humo. Amri ya `mklabel` imegusa kingo za diski tu, na programu ya bure ya TestDisk mara nyingi huweza kutafuta ilipoanzia patisheni ya zamani na kuirudisha, mradi hakuna kilichoandikwa juu yake.