Je, Wajua? Tone la Asali, Mwanga na Mizani

Je, wajua kwamba ndoo ya lita 20 iliyojaa asali nzuri ina uzito wa kilo 28 hivi, bila kuhesabu ndoo yenyewe? Lita moja ya maji ni kilo moja. Lita moja ya asali iliyokomaa ni kilo 1.4 na kitu, na namba hiyo ndiyo densiti yake. Kwa mnunuzi wa asali za Mbulu na Hanang, mizani ni shahidi wa kwanza, na hata duka dogo la nafaka linayo.

Tuseme ndoo ya lita 20 imefika Gehandu, na ndani yake muuzaji ametia lita 15 za asali na lita 5 za shira. Shira hiyo ameipika kwa njia rahisi kuliko zote: kilo moja ya sukari kwa lita moja ya maji, ambayo hutoa lita 1.6 hivi za shira, maana sukari ikiyeyuka haijazi nafasi yote iliyokuwa nayo ikiwa kavu. Lita moja ya shira hii ina kilo 1.23. Lita 15 za asali yenye densiti ya 1.42 ni kilo 21.3, na lita 5 za shira ni kilo 6.15, jumla kilo 27.45. Asali tupu ingekuwa kilo 28.4. Robo nzima ya ndoo ni shira, lakini mizani inaonyesha upungufu wa kilo moja tu. Ndoo ikiwa haijajaa mpaka ukingoni, kilo hiyo inajificha hapo hapo.

Ndiyo maana anayetaka kupima kwa uhakika huiacha ndoo na kuchukua chupa. Chupa ya nusu lita inawekewa alama shingoni, inajazwa maji mpaka kwenye alama na kupimwa kwenye mizani ya dijitali. Kisha inakaushwa kabisa, inajazwa asali mpaka alama ile ile na kupimwa tena. Uzito wa chupa tupu unatolewa pande zote mbili, halafu uzito wa asali unagawanywa kwa uzito wa maji. Maji yakiwa gramu 500 na asali gramu 705, jibu ni 1.41. Asali iliyokamuliwa jana haifai kwa kazi hii, kwa sababu imebeba vipovu vya hewa visivyoonekana vizuri. Vipovu huipunguzia densiti, na asali halali ikaonekana imechakachuliwa. Iachwe itulie siku kadhaa, povu na nta vielee juu, viondolewe.

Je, wajua kwamba shahidi wa pili ni mwanga, naye anahitaji tone moja tu? Mwanga hupunguza mwendo ukiingia kwenye kimiminika, na ukiingia kwa mshazari hupinda. Kila kimiminika safi kina namba yake ya mpindo. Maji kwenye nyuzijoto 20 yana 1.333, maana yake mwanga unakwenda kasi mara 1.333 zaidi mahali pasipo na kitu kuliko ndani ya maji. Asali yenye maji asilimia 18 ina 1.4915. Kifaa kinachosoma namba hii ni rifraktomita, na mtindo wa maabara uliotangazwa na Mjerumani Ernst Abbe mwaka 1874 bado ni msingi wa vile vinavyotumika leo.

Ile ya mkononi haizidi urefu wa kiganja na vidole vyake. Mbele ina kioo kilichochongwa kwa mshazari, nacho kina kifuniko cha plastiki. Unapaka tone la asali, unafunika, unaelekeza kwenye mwanga na kuchungulia kwa nyuma. Sehemu moja ya duara inaonekana ya buluu, nyingine nyeupe, na mpaka wa rangi hizo mbili unakata ngazi ya namba. Mpaka huo unatokea kwa sababu kuna pembe ambayo mwanga ukiivuka hauwezi tena kupita kati ya kioo na asali, na pembe hiyo inaamuliwa na asali yenyewe. Mpaka ukiwa mkali kama uzi, soma. Ukiwa na ukungu, asali ina vipovu au imeanza kuganda, na namba hiyo isiandikwe popote.

Kuganda kunastahili maelezo zaidi, maana hapo wengi hudanganyika. Asali halisi huganda kwa sababu ya glukosi iliyomo. Chembe za glukosi zikijitenga, maji mengi hubaki kwenye sehemu iliyo bado nyevu, na tone likichotwa hapo litasema asali yote ina maji mengi kuliko ilivyo. Dawa yake ni kuweka asali kidogo ndani ya kichupa kilichofungwa kabisa, kukipasha kwenye maji ya moto ya nyuzijoto 50 hivi mpaka chembe zote ziyeyuke, kuacha ipoe, kuikoroga taratibu, ndipo kupima. Kichupa kikiwa wazi, maji yanapaa na kipimo kinapendelea upande wa muuzaji.

Je, wajua kwamba asali ile ile inaweza kufeli saa saba mchana na kufaulu asubuhi? Joto hupunguza namba ya mpindo. Kiwango cha kimataifa cha asali, kile cha Kodeksi, kinataka maji yasizidi asilimia 20 kwa asali ya kawaida, na kwenye jedwali la nyuzijoto 20 asilimia hiyo inalingana na 1.4865. Mtu anapima juani, kifaa kina nyuzijoto 30, anapata 1.4850. Akikimbilia jedwali moja kwa moja atasoma maji asilimia 20.6 na kuikataa ndoo. Lakini kila nyuzijoto moja juu ya 20 inadai nyongeza ya 0.00023. Nyuzi kumi ni 0.0023, namba ya kweli ni 1.4873, na maji ni asilimia 19.7. Ndoo imefaulu. Asubuhi ya baridi ya nyanda za Mbulu hesabu inageuka: chini ya nyuzijoto 20 unatoa badala ya kujumlisha. Vifaa vingi vya siku hizi vinajirekebisha vyenyewe kwa joto la kawaida, lakini inabidi kifaa na asali vikae pamoja dakika chache viwe na joto moja. Rifraktomita iliyotoka kwenye gari lililoachwa juani haijawa tayari kumhukumu mtu.

Kuna jambo jingine la kuangalia kabla ya kununua kifaa. Rifraktomita ya juisi au miwa hupima kiwango cha Briksi, yaani gramu za sukari katika kila gramu 100 za kimiminika, na mara nyingi huishia kwenye 32. Hiyo inasahihishwa kwa maji safi, ambayo lazima yasome sifuri. Asali iko juu ya 78, nje kabisa ya ngazi hiyo, kwa hiyo inahitaji kifaa chake, nacho hakisahihishwi kwa maji. Huja na mafuta maalumu ambayo namba yake ya mpindo inajulikana. Mafuta hayo yakiisha, wafugaji wengi wa nyuki hutumia mafuta ya zeituni, yanayosoma kwenye Briksi 71 au 72. Yanatosha kukujulisha kwamba kifaa kimeyumba, ingawa hayatoshi kwa kipimo cha biashara.

Turudi kwenye ile ndoo ya Gehandu. Asali yake ilikuwa na maji asilimia 18, yaani kilo 3.8. Nusu ya shira ni maji, kilo 3.1 hivi. Jumla ni karibu kilo 6.9 ndani ya kilo 27.45, sawa na asilimia 25. Rifraktomita itaiona papo hapo, na hata bila rifraktomita ndoo itajisema yenyewe, kwa sababu asali yenye maji mengi hivyo huchacha. Kifuniko kitavimba na harufu ya pombe itatoka.

Lakini je, wajua kwamba mchakachuaji mjuzi anaweza kuwapita mashahidi wote wawili? Sukari ya dukani ina ukomo: kwenye nyuzijoto 20 lita moja ya maji huyeyusha kilo mbili hivi tu, na shira hiyo ina sukari asilimia 67. Ukiichemsha mpaka ifike 80 kama asali, itapita kwenye mizani na kwenye mwanga ikiwa bado nyevu, ila baada ya muda sukari itajitenga na kuwa chembe ngumu chini ya chombo. Anayechemsha shira na ndimu anaikwepa hata hiyo, kwa sababu asidi huivunja sukari ikawa glukosi na fruktosi, sukari zile zile zilizo nyingi ndani ya asali. Mizani na rifraktomita zinapima ni kiasi gani cha sukari kimeyeyuka. Haziulizi sukari ilitoka kwa nyuki au kwa sufuria. Hapo kazi inahamia maabara kubwa, zinazopima aina za kaboni. Miwa na mahindi huifunga kaboni kwa njia tofauti na mimea mingi inayotoa chakula cha nyuki, na tofauti hiyo inabaki ndani ya sukari hata ikichemshwa.

Mashahidi hawa wawili wana thamani kubwa zaidi pale wanapopingana. Hanang ni nchi ya Wabarbaig, na pombe ya asali ni kinywaji chao cha heshima tangu zamani. Asali inapochanganywa na maji na kuchacha, densiti inashuka mpaka kuukaribia uzito wa maji au chini yake, kwa sababu sukari imeliwa na pombe ni nyepesi. Rifraktomita itaendelea kusoma Briksi kadhaa hata sukari ikiwa imekwisha, maana pombe nayo hupinda mwanga kuliko maji. Densiti ikisema hakuna sukari na mwanga ukisema ipo, jibu ni kwamba kuna pombe.

Spiriti hutoa mfano mkali zaidi. Ethanoli, pombe ya kunywewa, ina densiti ya 0.789. Methanoli, sumu inayopofusha na kuua, ina 0.791. Zikiwa safi mizani ya kawaida haizitofautishi, wala pua haiaminiki. Mwanga unazitenga mara moja: ethanoli 1.361, methanoli 1.328, chini hata ya maji. Ila zikichanganywa na maji, namba hizi hupanda na kushuka na kufanana na za mchanganyiko mwingine, kwa hiyo hakuna mtu anayepaswa kuonja gongo kwa kutegemea rifraktomita. Novemba 2000 jijini Nairobi, zaidi ya watu 100 walikufa kwa pombe haramu iliyotiwa methanoli.

Na je, wajua kwamba kuna asali halisi inayofeli kipimo hiki kila mara? Nyuki wadogo wasiouma hutengeneza asali nyepesi, yenye uchachu kidogo, na maji yake mara nyingi huzidi asilimia 20 kwa mbali. Wahadzabe wa bonde la Yaeda, wilayani Mbulu, wanaila tangu enzi za mababu. Ukiipima kwa jedwali la nyuki wanaouma itaonekana imetiwa maji, kumbe ilitoka mtini hivyo hivyo. Kwa hiyo kabla ya kusoma namba, muulize aliyeirina ni nyuki gani.