Vyuma Vikikaza, Uchumi Umedorora?

Mwaka 2016 na 2017 Tanzania ilikuwa na msemo mmoja kila kona: vyuma vimekaza. Muuza mitumba aliusema, dereva wa bodaboda aliusema, na mwenye baa akaudakia. Miaka hiyohiyo takwimu rasmi zilionyesha Pato la Taifa likikua kwa zaidi ya asilimia 6. Wengi wakaona kuna upande unaodanganya. Si lazima. Muuza mitumba alizungumzia mfuko wake, mtakwimu alizungumzia jumla ya kila kilichozalishwa nchini, na vitu hivyo viwili havilazimiki kwenda pamoja.

Mchumi akitaja mdororo wa uchumi hana maana ya maisha magumu. Ana maana kwamba uchumi mzima umerudi nyuma: bidhaa na huduma zilizozalishwa ni pungufu kuliko za kipindi kilichotangulia. Ukuaji ukishuka kutoka asilimia 7 hadi 4, basi limepunguza mwendo tu, bado linakwenda mbele. Waandishi wenzangu huteleza sana hapa. Bei nazo ni jambo jingine. Fungu la nyanya lililokuwa na nyanya tano likibaki na tatu kwa bei ileile, huo ni mfumuko wa bei, na unaweza kukubana hata uchumi ukiwa unakua. Ndiyo maana watakwimu huondoa kwanza athari ya bei kabla ya kupima.

Sasa, uchumi urudi nyuma kwa muda gani ndipo uitwe umedorora? Jibu linalosikika zaidi ni robo mbili za mwaka mfululizo, yaani miezi sita. Kanuni hiyo ilipata umaarufu kwa makala aliyoandika Julius Shiskin katika gazeti la New York Times mwaka 1974. Shiskin, aliyeongoza idara ya takwimu za ajira ya Marekani, alitaja vipimo kadhaa. Watu wakashika kimoja, kile chepesi kukumbuka.

Marekani kwenyewe, wanaotambuliwa kupanga tarehe za mdororo hawafungwi na kanuni hiyo. Kazi hiyo hufanywa na kamati ya wachumi katika taasisi binafsi ya utafiti. Wao huuliza mambo matatu: anguko lina kina gani, limeenea sekta ngapi, na limedumu muda gani. Huangalia ajira, mapato ya watu, mauzo na uzalishaji wa viwandani. Jambo moja likizidi sana, huweza kufidia jingine. Mwaka 2020 janga la korona lilileta mdororo wa miezi miwili tu, kuanzia kilele cha Februari hadi Aprili, lakini anguko lilikuwa kubwa na liligusa karibu kila sekta, kwa hiyo likahesabiwa. Mwaka 2022 ikawa kinyume. Takwimu za awali zilionyesha pato likipungua robo mbili mfululizo, ila ajira ziliendelea kuongezeka, na kamati haikutangaza mdororo. Baadaye takwimu zilipopitiwa upya, robo ya pili ikaonekana ilikua kidogo.

Ugumu wa neno hili unaonekana zaidi katika mdororo mkubwa ulioikumba Marekani kuanzia Desemba 2007. Kamati ilitangaza kuanza kwake Desemba 2008, mwaka mzima baadaye, wakati watu walikwishapoteza kazi na nyumba. Mdororo huo uliisha Juni 2009. Lakini ukosefu wa ajira ulifika kilele chake, asilimia 10, Oktoba ya mwaka huo, miezi minne baada ya mdororo “kuisha”. Kuisha kwa mdororo maana yake ni kwamba uchumi umegusa chini na kuanza kupanda. Aliyetumbukia shimoni bado yumo shimoni, ila ameanza kukwea. Waajiri nao husita: kwanza huwaongezea saa za kazi waliobaki, na huajiri wapya wakiamini wateja wamerudi kweli.

Kwetu kuna kitu ambacho kipimo hiki hakikioni. Sensa za Tanzania za 2012 na 2022 zinaonyesha watu wakiongezeka kwa asilimia 3.2 kwa mwaka. Chukulia nyumba ambako sufuria la wali limeongezwa asilimia 3 na walaji wameongezeka asilimia 3.2. Chakula kimeongezeka, sahani ya kila mmoja imepungua kidogo. Kwa kipimo cha mchumi hapo hakuna mdororo. Ungekuwepo endapo sufuria lenyewe lingepungua. Na hata wali ukiongezeka zaidi ya walaji, bado hatujauliza nani anashika mwiko. Muuza mitumba wa 2017 angeweza kuwa sahihi, na mtakwimu pia, wakiwa wamekaa kwenye jamvi moja.