Jumla Inaposhuka

Tarehe 24 Mei 2020 Wizara ya Afya ya Hispania ilitoa idadi ya watu waliokufa kwa korona tangu ugonjwa uanze: 28,752. Kesho yake ikatoa idadi mpya: 26,834. Kompyuta zilizokuwa zikitoa jumla ya jana kwenye jumla ya leo ili kupata vifo vya siku zilipata jibu la hasi 1,918. Hakuna aliyefufuka. Wizara ilikuwa imepitia upya orodha za mikoa, ikafuta majina yaliyohesabiwa mara mbili na vifo ambavyo havikuthibitishwa kwa kipimo.

Tatizo hili humpata kila anayeshughulika na jumla limbikizi, yaani namba inayopanda tu kadiri siku zinavyokwenda: mita ya maji, mita ya umeme ya zamani ya kusoma kwa macho, hesabu ya data iliyopita kwenye mtambo wa intaneti, idadi ya wagonjwa tangu mlipuko uanze. Msomaji wa ripoti hataki kujua kwamba mita imefika 48,261. Anataka kujua jana yalitumika maji kiasi gani. Kwa hiyo kila mara ripoti inapohuishwa, programu hutoa usomaji wa jana kwenye usomaji wa leo. Kutoa ni hesabu ya darasa la pili. Kazi huanza siku jibu linapokuwa hasi.

Tuchukue kisima cha shule chenye pampu inayoweza kutoa mita za ujazo 2 kwa saa, na mita ya tarakimu tano inayosomwa kila usiku saa sita. Jumatatu inasoma 48,210. Jumanne 48,236. Jumatano 48,261. Alhamisi inasoma 9. Ijumaa 34. Matumizi ya Jumanne ni 26, ya Jumatano 25 na ya Ijumaa 25. Alhamisi imeleta hasi 48,252.

Huenda mita imezunguka. Mita ya tarakimu tano ikifika 99,999 hurudi 00,000 na kuendelea, na hapo dawa ni kuongeza 100,000 kwenye tofauti. Ikitoka 99,988 kwenda 13, jibu sahihi ni 25. Lakini kwa kisima chetu hesabu hiyo ingedai kwamba Alhamisi zilitoka mita za ujazo 51,748, na pampu hii hata ikifanya kazi usiku na mchana haiwezi kupita 48. Dhana ya kuzunguka imeanguka, na kilichoiangusha ni uwezo wa pampu. Ndiyo maana fundi mzuri wa data huuliza mapema kiwango cha juu kabisa kinachowezekana kwa siku, kisha akakiandika kando ya kila mita.

Linalobaki ni kwamba mita imeanza upya: imebadilishwa, au kifaa cha umeme kimezimika na kupoteza kumbukumbu. Prometheus, programu inayotumika sana kufuatilia seva, huchukulia hivyo kila inapoona kaunta imeshuka. Kazi zake za `rate()` na `increase()` hudhani kaunta ilirudi sifuri, zikahesabu usomaji mpya kama ongezeko lililotokea baada ya hapo. Kwa kisima chetu, Alhamisi ingepewa 9. Jibu hilo linakubalika, ila ni pungufu: maji yaliyopita kati ya usomaji wa Jumatano usiku na dakika mita ilipong'olewa hayamo. Kama fundi aliandika kwamba mita ya zamani ilitolewa ikiwa 48,277 na mpya ikafungwa ikiwa 0, Alhamisi ni 16 za mita ya zamani na 9 za mita mpya, jumla 25. Daftari la fundi ndilo pekee lenye zile 16.

Sasa irudishe kanuni hiyo ya Prometheus kwenye takwimu za Hispania. Jumla imeshuka, kwa hiyo kanuni inasema ilirudi sifuri na kupanda hadi 26,834, yaani Wahispania 26,834 walikufa siku moja. Kanuni iliyo salama kabisa kwa seva inageuka uzushi wa kutisha, kwa sababu pale jumla haikuanza upya, ilisahihishwa. Dalili iko kwenye ukubwa wa mshuko. Kaunta inayoanza upya huangukia karibu na sifuri. Iliyosahihishwa hushuka kidogo tu, ikabaki jirani na pale ilipokuwa.

Wengi hapa hukimbilia njia ya mkato: kila hasi igeuzwe sifuri. Grafu hupendeza, lakini vifo 1,918 vilivyofutwa na wizara hubaki vimehesabiwa katika siku za nyuma, na ukijumlisha siku zote unapata zaidi ya jumla rasmi. Njia ya haki ni kuomba mfululizo uliosahihishwa tarehe kwa tarehe na kubadilisha siku za nyuma. Usipopatikana, siku hiyo iachwe wazi kwenye grafu, na hasi 1,918 iwekwe katika safu yake ya marekebisho. Uingereza ilipobadili maana ya kifo cha korona tarehe 12 Agosti 2020, ikahesabu tu waliokufa ndani ya siku 28 baada ya kupimwa, jumla ilitoka 46,706 hadi 41,329. Kutoa namba hizo mbili hakuna maana yoyote, kwani kila moja inahesabu kitu chake.

Kuna makosa mengine ambayo hayaleti hasi, na hayo ndiyo ya kuogopwa zaidi. Mita iliyoharibika ikibadilishwa na nyingine iliyokwisha kutumika yenye 61,000, tofauti itakuwa chanya na kubwa mno. Bila kipimo cha uwezo wa pampu, itapita. Sifuri nayo hudanganya. Tanzania ilipoacha kutoa takwimu za korona mwezi Mei 2020, majedwali ya kimataifa yalibaki na wagonjwa 509 kwa zaidi ya mwaka, na kila siku kutoa kulileta sifuri. Sifuri ile ilihesabu ukimya wa ripoti.

Kuhuisha kwenyewe kuna mtego wake. Hesabu ya kutoa huandikwa hivi:

```sql
SELECT mita, tarehe, usomaji,
  usomaji - LAG(usomaji) OVER (
    PARTITION BY mita ORDER BY tarehe
  ) AS tofauti
FROM usomaji_wa_mita;
```

Neno `mita` hapa ni namba ya kifaa chenyewe, si jina la kisima. Ndivyo mita ya zamani na mpya zisivyotolewa moja kwenye nyingine. Ripoti ikivuta safu mpya tu ili kuokoa muda, safu ya kwanza haina wa kumtangulia, na `LAG` hurudisha `NULL`. Anayeibadilisha `NULL` kuwa sifuri huipa siku moja maji ya miaka yote. Kila mvuto lazima uanze na usomaji wa mwisho uliokwisha kuhifadhiwa, na ni vizuri kurudi nyuma siku kadhaa, kwa sababu usomaji uliochelewa mtandaoni ukifika unabadilisha tofauti ya siku yake na ya siku inayofuata.

Mwisho wa kila kuhuisha hufanywa jaribio moja: siku zilizojumlishwa zilingane na mwendo wa mita. Kwenye kisima chetu, mita ya zamani ilitembea 67, kutoka 48,210 hadi 48,277, na mpya 34. Hizo ni 101. Siku nne, 26, 25, 25 na 25, nazo ni 101. Aliyefuata kanuni ya kuanza upya bila daftari la fundi ana 85, na 16 zinazokosekana zote ni za Alhamisi.