Kikomo Mahali Pasipo na Jibu

Wenzangu kidato cha chini huniuliza: hesabu isiyo na jibu mahali fulani, yawezaje kuwa na kikomo papo hapo? Mimi huwajibu kwa jiwe.

Jiwe likiangushwa, baada ya sekunde t huwa limeshuka kama mita 5t². Sekunde 2 zikitimia limeshuka mita 20. Je, wakati ule ule lina mwendo gani? Nagawa umbali kwa muda:

(5t² − 20) ÷ (t − 2)

Nikitia t = 2 napata 0 ÷ 0, nayo haina maana, kwani namba yoyote ukiizidisha kwa 0 hupata 0. Basi naikaribia 2 bila kuifikia. Kwa 1.9 napata 19.5, kwa 2.1 napata 20.5, kwa 2.01 napata 20.05. Pande zote mbili zaelekea 20.

Sababu yake ni hii: 5t² − 20 ni sawa na 5(t − 2)(t + 2). Maadamu t si 2, twaweza kufuta (t − 2) juu na chini, ikabaki 5(t + 2).

Kikomo huwauliza majirani wa 2, wala hakiiulizi 2 yenyewe. Majirani wakipatana, kama hapa, mwendo ni mita 20 kwa sekunde. Upande wa kushoto na wa kulia wakielekea namba mbalimbali, kikomo hakuna.