Kuondoa Mandharinyuma kwa Laptopu ya GB 4: GIMP, Photopea au Photoshop?

Picha ya simu yenye upana wa pikseli 4000 na urefu wa 3000 huweza kuchukua MB 4 tu kwenye diski, kwa sababu JPEG imeibana. Ukiifungua ili uihariri, hufumuka. Kila pikseli huhitaji baiti nne: nyekundu, kijani, bluu na uwazi. Pikseli milioni 12 mara nne ni MB 48, na hilo ni tabaka moja. Ukilinakili na kuweka rangi mpya chini yake, umeshafika MB 144, kabla ya kuhesabu hatua ambazo programu hutunza ili uweze kurudi nyuma.

Kwa laptopu ya GB 4, Photoshop inaondoka mapema: Adobe wenyewe wanataka angalau GB 8 za RAM. Zinabaki mbili.

Photopea hufanya kazi ndani ya kivinjari. Haipeleki picha yako kwenye seva. Hesabu zote hufanywa na laptopu yako, kwa hiyo inagawana RAM na kivinjari chenyewe pamoja na kurasa zote ulizofungua. RAM ikiisha, ukurasa unaweza kufa ghafla na kazi ambayo hujaihifadhi ikapotea.

GIMP ina njia nyingine. Hugawa picha katika vipande vidogo, na vikizidi kiwango ulichoweka, huvihamishia kwenye diski. Hapo kazi huenda polepole, lakini huendelea. Kiwango hicho kiko Edit, Preferences, System Resources, kwenye Tile cache size. Kwa GB 4, anza na GB 1. Ukitumia Windows, bonyeza Ctrl+Shift+Esc: Memory ikikaribia kujaa na Disk ikang'ang'ania 100%, mashine imeishiwa nafasi. Punguza picha.

Tuchukue picha ya pasipoti ya milimita 35 kwa 45. Ikichapishwa kwa nukta 300 kwa inchi, inahitaji pikseli 413 kwa 531 tu. Katika GIMP, kwanza kata picha kwa uwiano huo, kisha nenda Image, Scale Image, uishushe hadi 826 kwa 1062, yaani mara mbili ya kipimo cha mwisho. Tabaka sasa ni takriban MB 3.5. Ongeza barakoa kwa Layer, Mask, Add Layer Mask, kisha paka rangi nyeusi juu ya mandharinyuma. Karibu na nywele tumia brashi yenye kingo laini, la sivyo utabaki ukanda wa rangi ya ukuta wa zamani. Weka tabaka jeupe chini, hifadhi XCF, halafu punguza nusu na utoe nakala ya kuchapisha. Kupunguza huko hulainisha kingo.

Kwa picha moja ndogo, Photopea inatosha, mradi ufunge kurasa nyingine. Kwa kazi ya kila siku, au picha ambayo haiwezi kupunguzwa, sakinisha GIMP.