Karatasi ya Hesabu Kutoka Shuleni (2): Agizo Litafsiriwe, Hesabu Ibaki Ilivyo

Wiki iliyopita tulizungumzia sheria ya elimu ya Kongo ya tarehe 11 Februari 2014, inayoruhusu lugha za taifa na za mazingira zitumike kufundishia, huku Kifaransa kikibaki lugha ya elimu. Leo twende Kamina, kwenye nyumba ambayo mtoto wa darasa la tano amerudi na kazi ya Kifaransa. Mama yake anasema Kiluba na Kiswahili. Kuhesabu anajua sana, maana anauza unga sokoni. Asichojua ni mwalimu anataka nini. Basi anamwita kijana wa jirani amtafsirie.

Kijana aanze kwa kutenganisha vitu viwili. Sentensi inayomwamuru mtoto afanye jambo ni agizo, na hiyo ndiyo ya kutafsiri. Namba, alama na mpangilio wake ni hesabu yenyewe, nazo haziguswi, kwa sababu mwalimu atasahihisha kwa alama zilezile, na mtihani wa mwisho wa shule ya msingi utatumia hizohizo. Tafsiri iandikwe kwa kalamu ya risasi kwenye karatasi ya pembeni, kila agizo na namba ya zoezi lake.

Zoezi la kwanza lina 846 : 6. Nukta mbili hizo ni alama ya kugawanya. Kijana akiibadilisha iwe ÷, jibu litabaki 141, ila mtoto atakuwa na alama moja daftarini na nyingine ubaoni. Kitenzi cha agizo, "pose", ndicho kinachohitaji uangalifu. Kwa kawaida maana yake ni "weka", lakini hapa mwalimu anataka hesabu ipangwe na hatua zake zionekane. Tafsiri nzuri ni hii: "Andika 846 kushoto, piga mstari wima, andika 6 kulia, jibu liandikwe chini ya 6, onyesha kila hatua." Mama akisoma hivyo ataona mapema kwamba mtoto aliyeandika 141 peke yake hajamaliza kazi.

Zoezi la pili linataka namba zipangwe kuanzia ndogo: 3,5 ; 3,45 ; 3,405. Hapa ndipo watafsiri wengi wanapoharibu. Kijana aliyezoea simu au kikokotoo anaandika 3.405, akidhani ni kitu kilekile. Lakini sokoni Kamina bei ya faranga elfu kumi huandikwa 10.000, na mama atasoma 3.405 kuwa elfu tatu mia nne na tano. Nukta mkato nayo ikigeuzwa kuwa koma, orodha inakuwa 3,5, 3,45, 3,405, wala haijulikani namba moja inaishia wapi. Zikiachwa kama zilivyo, mtoto atafika kwenye jibu: 3,405, kisha 3,45, kisha 3,5.

Swali linalofuata linatumia kitenzi "encadre", ambacho nje ya hesabu maana yake ni kuchora fremu. Mtafsiri akiandika "chora fremu kwenye 3,45", mtoto atachora sanduku zuri na kukosa alama zote. Kinachotakiwa ni kuiweka namba kati ya namba nzima mbili zinazofuatana: 3 < 3,45 < 4. Njia ya kugundua kosa kama hili ni kuangalia nafasi iliyoachwa kwa ajili ya jibu. Vistari viwili vitupu, kimoja kila upande wa namba, havingewekwa kwa ajili ya mchoro.

Limebaki fumbo la maneno, na hapa mpaka kati ya agizo na hesabu si rahisi kuuona. Tuseme limeandikwa: mvulana ana maembe 24, ambayo ni 6 zaidi ya yale ya dada yake, dada ana mangapi? Maneno haya yote ni hesabu. Mtafsiri anayemwambia mama "kuna kuongeza 6" ameshachagua njia badala ya mtoto, tena njia mbaya, kwa kuwa jibu lake ni 30 wakati dada ana 18. Mimi ningeandika agizo la juu tu: "Soma, andika hesabu uliyofanya, halafu jibu kwa sentensi kamili." Fumbo lenyewe mtoto alisome kwa Kifaransa, kisha amsimulie mama kwa Kiswahili. Akisimulia kwamba mwenye mengi ni mvulana, kisha aandike dada ana 30, mama atajua palipopotoka hata kama hasomi Kifaransa, na atamuuliza: kati yao, nani ana machache?

Kabla ya yote hayo, tazameni kama karatasi imechapwa au mtoto amenakili ubaoni. Koma hupotea wakati wa kunakili, na 3,45 inageuka 345. Ikitokea kwenye orodha namba moja iko mbali mno na wenzake, mtafsiri asiirekebishe. Aweke alama ya kuuliza pembeni ili mtoto akalinganishe na daftari la mwenzake.

Wiki ijayo: vipimo vya urefu na uzito.